Hendikapu ya mapu kwenye Counter-Strike 2: wanachosema vijana na hesabu inavyosema

Mechi kubwa za Ulaya zinazoanza saa mbili usiku kwa saa za kule hutufikia Dodoma saa tatu, na kipindi chao cha baridi saa nne. Ndiyo maana mikeka mingi ya Counter-Strike 2 hupangwa usiku, simu mkononi, pale Ng'ong'ona kwa wanafunzi wa UDOM au kwenye vibanda vya Majengo. Ushauri unaosikika hapo ni uleule: "Kaka, kama unaamini wanashinda, kwa nini uchukue 1.65? Weka -1.5, odi inapanda mara mbili." Tuuanzie huo, kwa sababu ndio unaochana mikeka mingi kuliko yote.

Dhana: -1.5 ni ushindi uleule, ila kwa odi tamu zaidi

Mfululizo wa mapu tatu huisha timu moja ikifikisha mapu mbili. Ukichukua -1.5 unasema timu yako itashinda 2-0. Ikishinda 2-1, mkeka umechanika ingawa timu yako imesonga mbele. Anayechukua +1.5 upande wa pili anahitaji timu yake ipate mapu moja tu, basi.

Kwa hiyo -1.5 kwenye mapu tatu ni dau lilelile la matokeo kamili 2-0. Kampuni nyingi huyaweka yote mawili kwenye mechi moja, kila moja chini ya kichwa chake, na mara nyingi odi hazilingani. Fungua sehemu zote mbili kabla ya kuweka, uchukue iliyo juu. Ni sekunde kumi tu, lakini wengi hawafanyi.

Jambo zito zaidi ni kwamba ushindi wa mfululizo na ushindi wa 2-0 hujengwa na mapu tofauti. 2-0 hutegemea mapu mbili za kwanza tu. Mapu ya tatu haiigusi hata kidogo. Odi ya mshindi ndiyo inayobeba zote tatu.

Tuchukue timu mbili za mfano, tuziite Zabibu na Mbuyu. Zabibu wamechagua Mirage, na uwezekano wao wa kushinda pale ni asilimia 70. Mbuyu wamechagua Nuke, ambako Zabibu wana asilimia 40 tu. Mapu ya uamuzi ni Inferno, Zabibu asilimia 55.

Uwezekano wa 2-0 ni 0.70 × 0.40, yaani 0.28. Kushinda Mirage, kupoteza Nuke, kisha kushinda Inferno ni 0.70 × 0.60 × 0.55, karibu 0.23. Kupoteza Mirage, kushinda Nuke, kisha Inferno ni 0.30 × 0.40 × 0.55, karibu 0.07. Jumla ni kama asilimia 58. Gawanya moja kwa kila uwezekano, upate odi ya haki isiyo na faida ya kampuni: mshindi Zabibu 1.73, Zabibu -1.5 ni 3.57, Mbuyu +1.5 ni 1.39.

Sasa tuseme Zabibu wana asilimia 55 kwenye kila mapu, hawana kali wala dhaifu. Ukirudia hesabu, odi ya mshindi inakuwa 1.74, karibu ileile. Lakini 2-0 sasa ni 0.55 × 0.55, yaani asilimia 30, na odi yake ni 3.31. Odi ya mshindi haijasogea, ya hendikapu imeshuka sana. Kila timu ikiwa na ngome yake, mfululizo huvutwa kwenda mapu ya tatu. Kwenye mfano wa kwanza hilo hutokea asilimia 54 ya wakati, kwenye wa pili chini ya asilimia 50.

Hapa ndipo macho yanapaswa kukaa. Odi ya hendikapu ikiwa imekokotolewa kutoka odi ya mshindi peke yake, bila kuangalia nani kachagua mapu gani, itakuwa imekosea upande mmoja. Tuseme kampuni inatoa Zabibu 1.65 na Zabibu -1.5 kwa 3.20. Kwa makadirio yetu, kila shilingi 1,000 uliyoweka kwa mshindi inakurudishia wastani wa 952. Kwenye -1.5 inarudisha 896. Odi iliyoonekana tamu ndiyo inayokula zaidi, na hapo hata kodi ya ushindi haijakatwa.

Dhana: timu yenye mapu moja kali mno ndiyo ya kuwekea

Uteuzi wa mapu, ambao wachezaji huuita veto, hufuata mpangilio. Mapu rasmi ni saba. Timu ya kwanza inaondoa moja, ya pili inaondoa moja. Kisha kila timu inachagua moja ya kucheza. Zinabaki tatu: kila upande unaondoa moja, na iliyobaki ndiyo ya uamuzi.

Tazama zile tatu za mwisho. Tuseme ni Ancient (Zabibu asilimia 65), Inferno (55) na Dust2 (45). Mbuyu wataondoa Ancient, Zabibu wataondoa Dust2, inabaki Inferno. Aanze Zabibu au aanze Mbuyu, jibu ni hilohilo: inabaki ya katikati. Hii ina maana kwamba mapu yako kali haifiki kwenye uamuzi kirahisi. Ama uichague mwenyewe, ama mwenzako aiondoe mapema. Timu yenye mapu moja ya asilimia 80 na nyingine zote dhaifu mara nyingi hukuta ile kali imeondolewa hatua ya kwanza kabisa, na takwimu uliyoipenda haichezwi usiku huo.

Kinachosogeza odi ya mshindi, basi, ni kina cha timu: ile mapu ya nne na ya tano kwa ubora, si ya kwanza. Kwenye mfano wetu, ikibaki Ancient odi ya haki ya Zabibu inashuka hadi 1.58. Ikibaki Dust2 inapanda hadi 1.91. Na -1.5 je? Inabaki 3.57 kote kuwili. Ukiona veto imetoka, mapu za kuchaguliwa ni zilezile zilizotarajiwa, cha kushangaza ni mapu ya uamuzi tu, halafu kampuni imesogeza odi ya mshindi pamoja na ya hendikapu kwa nguvu ileile, hesabu haijafanywa sawasawa. Ni nafasi ya kupiga mahesabu yako upya.

Dhana: veto ikitoka tofauti, timu imekosea

Veto hujulikana muda mfupi kabla ya mechi na huonekana kwenye ukurasa wa mechi wa HLTV.org. Tuseme Mbuyu wameiacha Ancient na kuondoa Inferno. Mwenye makadirio yetu atakimbilia Zabibu kwa sababu mapu yao nzuri imepita. Polepole! Mbuyu wana kocha anayejua mazoezi ambayo hayaonekani hadharani. Timu ikiacha mapu ambayo kwenye karatasi ni mbaya kwake, yawezekana imeiandaa wiki nzima. Ile asilimia 65 ilitokana na mechi za nyuma, na veto yenyewe ni taarifa mpya. Ishushe kidogo, tuseme hadi 58 au 60, ndipo urudie hesabu. Mara nyingi utakuta ile "zawadi" imebaki ndogo sana.

Dhana: asilimia za ushindi kwenye mapu ndizo uwezekano

Mara nyingi utaona "asilimia 80 Nuke", ukifungua unakuta ni mechi tano, nne wameshinda, na mbili kati ya hizo walicheza na timu za chini. Mechi tano hazitoshi. Vuta namba kama hiyo kuelekea kiwango cha jumla cha timu mpaka uwe na angalau mechi 15 hivi za kikosi hichohicho. Mchezaji mmoja akibadilishwa, hasa mpiga AWP au anayeongoza wenzake ndani ya mchezo, namba za zamani zinapoteza nusu ya maana yake.

Mapu nazo hubadilishwa. Mwaka 2025 Train ilirudi ikachukua nafasi ya Vertigo, na baadaye mwaka huohuo Overpass ikaingia Anubis ikatoka. Mabadiliko ya namna hiyo yakitokea, timu iliyokuwa ikiondoa Vertigo kila mara hulazimika kutafuta mapu nyingine ya kuondoa, na veto zake za zamani hazikuongozi tena. Wiki za mwanzo ndizo odi za mapu hukosea zaidi, na ndizo wewe nawe unakosea zaidi.

Dhana: aliyepoteza mapu ya kwanza amekwisha

Kwa wanaobeti laivu, swali la kwanza ni hili: mapu iliyochezwa ilikuwa chaguo la nani? Zabibu wakipoteza Mirage yao wenyewe, wanabaki na asilimia 22, odi ya haki 4.55. Lakini kama mapu ya kwanza ni Nuke, chaguo la Mbuyu, na Zabibu wakaipoteza, wamepoteza walichotarajiwa kupoteza. Bado wana Mirage mbele yao, na nafasi yao ni kama asilimia 38, odi 2.60. Ubao unasoma 0-1 mara zote mbili, lakini hali hazilingani kabisa.

Hesabu zote hizi zinachukulia kila mapu inasimama peke yake. Uwanjani si hivyo kikamilifu: timu iliyoamka vizuri huwa nzuri kwenye mapu zote, na hilo huongeza 2-0 za pande zote mbili kidogo. Ndiyo sababu tofauti ndogo kati ya odi yako na ya kampuni, tuseme 3.57 dhidi ya 3.60, si sababu ya kuweka chochote.

Machache ya kusoma kabla ya kubonyeza

Hendikapu ya mapu si ya raundi. Mapu hushindwa kwa raundi 13 isipoingia muda wa ziada, na ukiona -3.5 kwenye CS2 hiyo ni ya raundi ndani ya mapu moja. Kwenye mapu tano, -1.5 inakubali 3-0 na 3-1, hivyo usiipime kwa hesabu ya mapu tatu. Baadhi ya fainali humpa aliyetoka kundi la washindi mapu moja ya bure. Soma kanuni za kampuni ujue kama hiyo inaingia kwenye hendikapu, na nini hufanyika timu isipotokea mapu ya pili. Kampuni iwe na leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na mwenye chini ya miaka 18 haruhusiwi kabisa.