Pindo jeupe la picha iliyokatwa: kwa nini hurudi ukibadili ukubwa

Tuseme umepiga picha kiatu cheusi juu ya karatasi nyeupe, ukakikata kutoka kwenye mandharinyuma, ukasafisha kingo mpaka zikapendeza. Faili ni PNG yenye upana wa pikseli 4000. Unaipunguza hadi 1000, unakiweka kiatu kwenye bango la kijani kilichokolea, na mara kinazungukwa na uzi wa kijivu ambao hukuuona kabla.

Uzi huo umetoka ndani ya faili lenyewe. Kila pikseli ya PNG ya aina hii ina namba nne: nyekundu, kijani, buluu na alfa, yaani kiasi cha kuonekana, kuanzia 0 hadi 255. Ukifuta mandharinyuma, mara nyingi kinachobadilika ni alfa tu. Weupe wa karatasi unabaki palepale, ila hauonekani. Ukitaka kuushuhudia, zima alfa kwa ImageMagick, programu ya kuhariri picha kwa amri:

```
magick kiatu.png -alpha off rangi.png
```

Ukifungua `rangi.png` ukaikuta karatasi ingali imekizunguka kiatu, umempata mhalifu wa kwanza.

Kupunguza picha ni kuchukua pikseli jirani na kutafuta wastani wake. Chukua mbili zilizo mpakani: ya kiatu ina rangi 0 na alfa 255; ya nje ina rangi 255 na alfa 0. Programu inayokokotoa kila namba peke yake itatoa rangi 128 na alfa 128: kijivu kinachoonekana nusu. Jibu sahihi ni rangi 0 na alfa 128, nyeusi inayoonekana nusu, kwa sababu pikseli isiyoonekana haina haki ya kuchangia rangi. Dawa ni kuzidisha rangi kwa alfa kwanza, kupunguza, kisha kugawanya tena kwa alfa mpya. Pillow, maktaba ya picha ya Python, hufanya hivyo yenyewe kwenye picha za RGBA, yaani zenye namba hizo nne, isipokuwa ukichagua kichujio cha `NEAREST`, ambacho huchukua pikseli moja ya karibu bila kutafuta wastani. `cv2.resize` ya maktaba ya OpenCV haifanyi. Hapo kazi ni yako.

Lakini hesabu hiyo haikuokoi na mhalifu wa pili. Kwenye picha ya awali, pikseli ya ukingoni kabisa huwa imechanganya kiatu na karatasi tangu kamera ilipoinasa. Rangi yake ni 128, na ukataji mzuri umeipa alfa ya nusu. Hii inaonekana, kwa hiyo inachangia wastani kihalali, na weupe wake unaingia nao. Kuisafisha ni kuutoa mchango wa karatasi: toa nusu ya 255 kwenye 128, gawanya kwa nusu, unabaki karibu na 0, yaani weusi halisi wa kiatu. Kazi ya aina hii ndiyo inayofanywa na `Decontaminate Colors` na `Remove White Matte` za Photoshop, kila moja kwa njia yake.

Hesabu hiyo inategemea uhusiano kati ya rangi na alfa ya pikseli ileile. Ukipunguza mara nne, pikseli moja mpya inabeba angalau 16 za zamani: za ndani ya kiatu, za mpakani, na huenda na weupe uliofichwa. Uhusiano umevurugika, na unachoweza kufanya baada ya hapo ni kukwangua ukingo tu. Na kukwangua nako kuna gharama: upana wa pikseli moja kwenye picha ndogo ni upana wa nne kwenye picha kubwa. Kamba ya kiatu yenye upana wa pikseli 3, ukiikwangua moja kila upande, inabaki moja.

Kwa hiyo safisha kwenye ukubwa wa awali. Ondoa weupe kwenye pikseli za mpakani, futa vumbi la alfa ndogondogo lililobaki nje, kisha tandaza rangi ya kiatu kuelekea nje, chini ya eneo lisiloonekana, ili hata programu isiyojali alfa ikose weupe wa kuchota. Hifadhi faili hilo kama mama. Kila ukubwa unaohitajika utoe kwa mama moja kwa moja, usipunguze kilichokwisha kupunguzwa. Kunoa kuwe mwisho, tena kidogo. Utaratibu ni huohuo ukikuza: pindo la pikseli moja lisiposafishwa kwanza litakuwa la mbili ukikuza mara mbili.

Ukiona uzi hata baada ya hayo, rudia kupunguza kwa kichujio cha `BILINEAR` badala ya `LANCZOS`. Ukitoweka, haukuwa uchafu: Lanczos huzidisha tofauti penye mpaka mkali na kuacha mstari mwepesi kandokando yake. Hapo usiliguse faili mama, badili kichujio tu.