Ndugu mwaminifu hatoshi, gunia lihesabike

Wiki hii kanipigia tena mtu wa Dar mwenye nyumba ya urithi huko Uyui. Swali ni lile lile: "Kaka, nimepata mdogo wangu mwaminifu anakaa kwenye ile nyumba, nimwanzishie biashara gani?" Kila mwaka napokea simu kama hizi, na kila mpigaji ameshamaliza kazi anayoiona ngumu, ya kumpata mwaminifu.

Sikiliza. Ukimwachia kuku mia mbili, arobaini wakifa kwa kideri, wewe uliye Kinondoni utajuaje? Mkweli atakwambia wamekufa. Mwongo naye atakwambia wamekufa. Duka ndiyo usiseme, maana mjomba akikopa sukari nani atamwandika kwenye daftari? Kupangisha vyumba viwili kwa mwalimu ni sawa kabisa, kodi inaingia kwenye simu yako, sina la kuongeza. Ila kama unataka nyumba yenyewe ifanye kazi, igeuze ghala la mahindi. Gunia lina namba na lina uzito, na likishafungwa vizuri halihitaji mtu hadi siku ya kuuza.

Nasema hivi kwa sababu kununua na kuhifadhi mahindi ndiyo kazi yangu hapa Tabora. Nunua baada ya mavuno, mahindi yaliyopukuchuliwa, usihifadhi ya magunzi. Pima ukavu kwa chumvi: chupa kavu, mahindi kiasi, chumvi kavu vijiko vichache, tikisa dakika chache, acha yatulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, rudisha mahindi juani. Mabichi ukiyafungia yataota ukungu, na hapo sumukuvu inakusubiri.

Kisha tumia mifuko ya kinga njaa, ile yenye mifuko miwili ya nailoni ndani ya kiroba. Kila nailoni unaikamua hewa, unaisokota, unaikunja na kuifunga peke yake. Usijaze lumbesa, shingo itakosa nafasi ya kusokota. Panga juu ya mbao, mbali na ukuta.

Sasa hapa ndipo ninapogombana na watu. Dawa ya mfuko huu ni kukosa hewa: wadudu wanaimaliza oksijeni iliyobaki ndani, wanakufa. Ndugu yako akifungua "kadebe kamoja tu" ka ugali, wewe unalia debe limeibwa. Debe si kitu! Kilichoharibika ni hewa iliyoingia. Akifungua tena wiki ijayo, umenunua mfuko wa bei kubwa unaofanya kazi ya kiroba cha kawaida. Tena mfunguaji huwa ndiye huyo mwaminifu, ana watoto na wageni, hajui kama amekosea. Kwa hiyo mwekee gunia mbili zake za kula, chumba kingine, umwambie wazi kuwa ni zake. Hizo nyingine zitie lakiri za plastiki zenye namba, na namba ziandike wewe, kwenye simu yako. Usiridhike na picha za WhatsApp; picha haina uzito.

Hesabu ya mfano. Gunia ishirini za kilo mia, tuseme kila moja 50,000, ni milioni moja. Mifuko 100,000, vibarua na usafiri 60,000. Msimamizi mlipe 5,000 kwa kila gunia litakalotoka likiwa na lakiri na uzito wake, yaani 100,000. Usimlipe kwa mwezi, mshahara wa kukaa haumfanyi alinde chochote. Jumla 1,260,000. Ukiuza 80,000 unapata 340,000. Ukiuza 60,000 umepoteza 60,000. Mstari wako, usipate wala usipoteze, ni 63,000 kwa gunia.

Na bei inaweza isipande. Mwaka 2017 serikali ilizuia mahindi kwenda nje, bei ikaanguka, na waliohifadhi kwa pesa ya mkopo waliumia. Mimi nilijifunza kutoweka hela ya ada ya watoto humo. Nikisikia mtu ana uhakika wa bei ya Januari, namwacha aendelee.

Dumuzi pia ananisumbua akili. Huyu mdudu kutoka Amerika alionekana kwa mara ya kwanza Afrika hapa hapa Tabora, mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, na meno yake yanatoboa nailoni. Mara nyingi anakufa kabla hajamaliza, lakini si kila mara. Mfundishe msimamizi kuangalia sakafu chini ya mfuko: unga unga mpya maana yake ni tundu, na gunia hilo linauzwa kwanza, bila kusubiri bei. Tundu la panya utalijua kwa ukubwa na kwa nafaka zilizomwagika. Hilo ni kosa la mlango na bati, usimlaumu mdudu.

Yule wa Dar nilimaliza kumweleza haya yote. Akanyamaza kidogo, akauliza: "Sasa kaka, kati ya mdogo wangu na binamu, nani mwaminifu zaidi?"