Shati la mitumba hukaguliwa kuanzia kwapani

Watu wengi pale soko la Kibuye, Kisumu, hushika shati la mitumba kolani kwanza. Wanafungua kola, wanaangalia kama imechubuka, wanahesabu vifungo, kisha wanaanza kuvutana bei. Mimi ni fundi cherehani, na kazi yangu kubwa ni kubana na kurekebisha nguo za mitumba, kwa hivyo mashati yanayonifikia tayari yamenunuliwa. Likiwa na ubaya, mara nyingi ubaya hauko kolani. Kola iliyochubuka fundi anaifumua, anaipindua upande uliochakaa ukae chini, anaishona tena, na hakuna atakayejua. Kwapa halina upande wa pili wa kugeuzia.

Kwapani ndiko kitambaa kinakosuguana kila mkono unapotikisika. Ndiko jasho linakokaukia, na ndiko dawa ya kwapa inakogandia. Sehemu hiyo ndogo itakuambia kitambaa ni cha nyuzi gani, kimechakaa kiasi gani, na kama harufu yake itatoka.

Jumapili moja, siku ambayo soko hufurika, nilichomoa mashati mawili kwenye rundo la mama ninayenunua kwake. Yote yalikuwa ya samawati, ya mikono mirefu, na lebo zote mbili zilikuwa zimekatwa. Nilikamata pembe ya kila shati ndani ya ngumi nikaibana huku nikihesabu polepole hadi kumi. La kwanza nilipoliachilia lilibaki limekunjamana. La pili lilijiinua na kubaki na mikunjo hafifu tu. La kwanza basi lilielekea kuwa pamba, na la pili lilikuwa na poliesta ndani yake.

Kipimo hiki kina udhaifu wake: kuna mashati ya pamba yaliyotiwa dawa kiwandani yasikunjamane, nayo hukudanganya. Ndiyo maana naangalia pia vile vidonge vidogo vya manyoya vinavyojisokota juu ya kitambaa. Pamba ikichakaa hutoa vidonge, lakini nyuzi zake hukatika upesi na vidonge huanguka. Poliesta ni ngumu, kwa hivyo katika kitambaa cha mchanganyiko vidonge hung'ang'ania hapo hapo. Shati la pili lilikuwa navyo kandokando ya mbavu, mahali mkono unapogusa.

Ukitaka hakika, maliza kazi nyumbani kwa kiberiti. Chomoa uzi mmoja wa kitambaa chenyewe, ndani ya mshono pale kilipokatwa, uushike kwa koleo juu ya sahani ya maji. Usichukue uzi uliotumika kushonea. Hapo ndipo wengi hupotea, maana hata shati la pamba tupu kwa kawaida hushonwa kwa uzi wa poliesta, na utalihukumu bure. Pamba huwaka haraka, hunuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini. Poliesta hujikunyata, huyeyuka na kuacha punje nyeusi ngumu isiyopondeka kwa vidole. Ukipata jivu lenye punje ngumu, ni mchanganyiko.

Baada ya hapo ni uchakavu. Ingiza mkono ndani ya shati, tandaza kwapa juu ya vidole vilivyopanuliwa, uliinue kuelekea angani. Linganisha na mgongo wa shati hilo hilo, chini ya kile kipande cha mabegani ambacho huwa na tabaka mbili. Kwapa likipitisha mwanga kuliko mgongo, nyuzi zimeshaliwa. Kisha shika kitambaa kwa vidole gumba viwili, kimoja kila upande, ukivute kwa nguvu ya wastani, kwanza kwa urefu na halafu kwa upana. Mwombe mwenye mali ruhusa kabla ya kuvuta. Kitambaa kizima hukaza na kurudi. Kilichooza hutoa mlio mdogo sana wa kukatika, na mlio huo ukishausikia acha kuvuta, usije ukalipia shimo.

Shati la kwanza, lile la pamba, lilishindwa hapo. Kola yake ilikuwa safi kabisa, lakini kwapani mwanga ulipita, na nilipovuta upande wa kulia nikausikia ule mlio. Nililirudisha kwenye rundo. Mama akaniuliza, “Fundi, si hilo ndilo zuri?” Kwa macho lilikuwa zuri, ni kweli.

La pili lilikuwa zima kwapani, ila kitambaa kilikuwa kigumu kidogo na chenye umanjano. Sasa ikabidi pua ifanye kazi. Kulinusa shati lililotandazwa hakusaidii sana, kwa sababu hewa ya soko na harufu ya robota hufunika kila kitu, na mashati ya daraja la kwanza, yale ya kamera, pengine yamepigwa pasi na kunyunyiziwa marashi. Mimi hufikicha kwapa kati ya viganja mpaka lipate joto, kisha nanusa hapo hapo. “Fundi, hilo ni shati, si mbuta,” mama akasema, kana kwamba nachagua samaki, na waliokuwa karibu wakacheka. Joto ndilo hutoa harufu iliyolala. Ukilivaa shati hilo mchana wa Kisumu, mwili wako utalifanyia jambo hilo hilo.

Harufu ya robota lenyewe, ile ya vumbi na kufungiwa, isikutishe. Hutoka kwa kufua mara moja. Ya koga ni nyingine: inanuka kama udongo uliolowa, na mara nyingi huandamana na vidoadoa vyeusi. Koga hula pamba, hivyo rudi kwenye kipimo cha kuvuta kabla ya kutoa pesa.

Halafu kuna ile harufu kali ya naftalini, vidonge vyeupe vya kufukuzia nondo kabatini. Hii maji hayaiondoi vizuri, kwa kuwa naftalini haiyeyuki majini. Inahitaji kuanikwa nje kwenye upepo siku kadhaa ndipo ifuliwe. Na kama nguo ni ya mtoto mchanga, mimi siinunui hata ikiwa ya bure. Kuna watu wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, na upungufu huo ni wa kawaida katika maeneo ya malaria kama huku kwetu ziwani. Mvuke wa naftalini unaweza kuvunja chembe nyekundu za damu yao. Watoto wachanga wamewahi kupata umanjano na kuishiwa damu kwa ajili ya nguo na blanketi zilizohifadhiwa na vidonge hivyo.

Shati langu lilinuka jasho la zamani. Jasho bichi halina harufu kubwa. Bakteria wanaokula jasho na mafuta ya mwili ndio wanaoitengeneza. Pamba hunywa maji, kwa hivyo maji ya sabuni huingia ndani ya nyuzi na kutoka na uchafu. Poliesta hukataa maji lakini hupenda mafuta, na harufu hukaa ndani ya mafuta hayo. Ndiyo sababu shati la mchanganyiko hutoka kwenye kamba likiwa safi, kisha likanuka ndani ya matatu kabla hujafika kazini. Nilijua kazi inayoningoja, nikashusha bei kutoka 250 hadi 150, nikalichukua. Harufu nina namna ya kupambana nayo. Nyuzi zilizoliwa sina.

Kufua kwa mara ya kwanza huwa kwa hatua, na mpangilio wake una maana. Ule ugumu wenye umanjano ni chumvi za alumini kutoka kwenye dawa ya kwapa, zilizoshikana na jasho na mafuta. Tindikali ndiyo huzilegeza. Baada ya kujaribu rangi kwa kitambaa cheupe kilicholowa siki, kwenye mkia wa shati, nilichanganya kikombe kimoja cha siki nyeupe na vikombe viwili vya maji, nikatumbukiza makwapa tu kwa nusu saa, nikasuuza vizuri. Jiki weka mbali kabisa na hatua hii. Jiki ikikutana na siki hutoa gesi ya klorini inayochoma mapafu. Na hata ikiwa peke yake, jiki huzidisha umanjano wa kwapa badala ya kuuondoa.

Hatua ya pili ni mafuta. Nilipaka sabuni ya maji ya kuoshea vyombo moja kwa moja juu ya kwapa, upande wa ndani, nikaiacha dakika ishirini. Kisha beseni la lita kumi la maji ya uvuguvugu ambayo mkono unayavumilia, vijiko viwili vya sabuni ya unga, na kijiko kimoja cha magadi, haya haya ya kupikia mboga. Magadi huyafanya maji yakate mafuta zaidi. Yayeyushe pembeni kwanza, yaache yatulie, uchuje, maana yana mchanga. Sweta la sufu usilitie magadi kamwe, yataliharibu. Shati lilikaa humo saa mbili, nikalisugua taratibu kwa mswaki wa zamani, nikasuuza mpaka maji yakaacha kuteleza vidoleni. Dawa ya kulainisha nguo sikutia. Huacha utando juu ya nyuzi, na utando huo hufungia ndani kile ulichotaka kitoke.

Nilianika shati likiwa limegeuzwa ndani nje, kivulini, wakati wa alasiri upepo wa ziwa unapovuma. Msimu wa mvua ndefu, usilikunje kabla mishono ya kwapa haijakauka kabisa. Mshono una tabaka nyingi na ndio hukauka mwisho, na koga huanzia hapo.

Lilipokauka nilitandaza kitambaa chenye unyevu juu ya kwapa, nikapitisha pasi ya moto wa wastani, nikanusa mvuke. Kwapa la kushoto lilikuwa shwari. La kulia lilirudisha harufu, hafifu lakini ile ile. Nikarudia sabuni ya vyombo na magadi, safari hii nikaliloweka usiku kucha. Pasi ya pili bado ilitoa harufu kidogo. Kwa poliesta, ikifika hapo mimi huacha kufua, kwa sababu kila kusugua tena kunakula nyuzi za pamba zilizochanganywa nayo.

Nilichofanya ni kukata mikono ikawa mifupi. Kipande kilichobaki cha mkono kimefifia sawasawa na shati lote, kwa hivyo rangi haipishani. Nilifumua mshono wa kwapa la kulia, nikatoa kipande chenye harufu kiasi cha kiganja pande zote mbili za mshono, nikakitumia kama kielelezo kukatia kingine kutoka kwenye mabaki ya mkono. Niliongeza sentimita moja ya mshono kila ukingo na kuhakikisha nyuzi zinaelekea upande ule ule, la sivyo kiraka kingevuta na kuonekana. Baada ya ovaloki nilirudia pasi na kile kitambaa chenye unyevu, na mvuke ukatoka bila harufu.