Maswali yenu: meli ikizama, mwili unafanya nini majini

Sista, nimepata kazi ya jikoni kwa meli, natoka Nairobi mwezi ujao. King'ora kikilia naruka tu?

Zii, ngoja kwanza. Milio saba mifupi na mmoja mrefu inakuita kwa stesheni yako, pale mnapokusanyika wakati wa hatari, kuacha meli ni mpaka nahodha aseme. Vaa nguo nyingi hata kama kuna joto, jaketi la kuokolea juu yake, kunywa maji kama kuna nafasi. Kuna ngazi? Shuka nayo uingie rafti, ile boti ya mpira ya kujazwa hewa, ukiwa mkavu. Kuruka ni ukikosa njia nyingine, na isizidi mita 4.5: ziba pua, mkono mwingine ukandamize jaketi chini lisikupige kidevu, miguu pamoja. Na usirukie rafti, kuna watu ndani.

Lakini maji ya Mombasa si ni moto?

Meli haikai Mombasa, na hata hayo ya digrii 28 yako chini ya joto la mwili, yanakunyonya polepole, masaa mengi. Ya chini ya 15 ndio balaa. Ukiingia tu unavuta pumzi kwa nguvu bila kutaka, na kichwa kikiwa chini ndio unameza maji, wengi wanakufa hapo kabla baridi yenyewe haijawamaliza. Kwa hiyo dakika ya kwanza usiogelee, elea tu mpaka pumzi itulie. Halafu una kama dakika kumi vidole vinafanya kazi, panda rafti saa hiyo, kwa sababu baadaye utaiona iko hapo na mkono ukatae kushika kamba. Ukiikosa kunja magoti kifuani utulie, kuogelea ovyo kunamaliza joto.

Ndani ya rafti kuna nini? Maji yanatosha?

Fataki za ishara, moshi, kioo cha kumulika, tochi, kisu, sponji, nanga ya kitambaa, fasti edi, biskuti, maji. Lakini cha kwanza kumeza ni tembe ya kichefuchefu, wote, hata baharia wa miaka ishirini, kwa sababu rafti inayumba vibaya na inanuka mpira, na ukitapika unamwaga maji ambayo huna ya kurudisha.

Tuseme mko sita. Kila mtu amewekewa lita 1.5, jumla lita 9. Masaa 24 ya kwanza hakuna kunywa isipokuwa aliyeumia, akavuja damu au kuungua, maana mwili bado una maji yake na ukiongeza unakojoa tu. Kuanzia siku ya pili nusu lita kila mmoja, lita 3 kwa siku, inawafikisha siku ya nne. Mvua ikinyesha kinga. Maji ya bahari usionje, figo zinatumia maji mengi kutoa ile chumvi kuliko uliyokunywa.

Sasa angalia kasha la rafti siku ya kwanza kazini. Likiandikwa SOLAS A PACK, ndio hayo yote. SOLAS B PACK ni ya safari fupi, haina chakula wala maji.