Kumwomba mtoto msamaha baada ya kumfokea

Mzazi anamwomba mtoto msamaha pale anapolitaja kosa lake mwenyewe mbele ya mtoto na kumweleza atakachofanya hasira zikimpanda tena. Si kumbembeleza, na sheria ya nyumbani inabaki palepale.

Tuseme mtoto wa miaka saba amemwaga chai juu ya daftari asubuhi, na mama amefoka, "Huna akili wewe!" wadogo zake wakisikia. Hapo kuna makosa mawili. Uzembe ni wa mtoto, tusi ni la mama, na msamaha unahusu tusi peke yake.

Hasira ishuke kwanza, maana ukiomba msamaha huku bado unahema, mtoto anasikia ukali tu. Lakini usilaze jambo. Liishe siku hiyohiyo. Keti ili macho yenu yalingane, kisha sema kwa ufupi: "Asubuhi nilikufokea, nikakwambia huna akili. Nilikosea. Akili unazo. Nisamehe, mwanangu. Nikikasirika tena nitatoka nje kwanza, ndipo tuzungumze." Kwa kuwa wadogo zake walisikia tusi, nao wasikie msamaha.

Ukishasema, nyamaza. Wengi huharibu hapa kwa kuongeza, "lakini na wewe umezidi," na mtoto anabaki na lile la mwisho tu. Wengine humshikilia mtoto mpaka aseme amesamehe, au hulia hadi yeye ndiye awafariji, mzigo usio wa umri wake. Akikaa kimya au akiondoka, mwache. Suala la chai lije baadaye, kwa utulivu: daftari mtalikausha pamoja, na kuanzia kesho litakaa kwenye begi wakati wa kunywa chai.

Wazazi wengi huhofia kwamba mtoto atawapanda kichwani. Kinachompandisha kichwani ni sheria kulegezwa kwa sababu mzazi anaona aibu, au soda na chipsi zinazonunuliwa badala ya maneno. Mtoto mdogo akifokewa huona kirahisi kwamba yeye ni mbaya. Mzazi akilichukua kosa lake, mtoto anajua kilichokuwa kibaya ni nini hasa. Anajifunza pia kwamba mkubwa anaweza kukosea, akakiri, na bado akabaki mkubwa. Mtoto anayeogopa tu hutii akiwa mbele yako, na kikombe kilichovunjika hukificha. Aliyeombwa msamaha ana sababu ya kukuletea vipande mwenyewe, kwani ameona kukiri hakumdhalilishi mtu. Heshima yake kwako inasimama hata ukiwa haupo.

Msamaha huo huo ukirudiwa kila wiki bila mabadiliko, mtoto ataacha kuuamini. Angalia ni saa ngapi unafoka zaidi. Kama ni asubuhi, sare na madaftari viandaliwe usiku. Na kama hasira zinafika kwenye kipigo usichoweza kujizuia, mtafute ofisa ustawi wa jamii au mshauri nasaha.