Ubongo wa sato, amonia, na maji yanayofutika kwenye hesabu ya ATP

Anayelea vifaranga vya sato kwenye matangi hapa Mwanza anaijua amonia. Chakula kikizidi na maji yasipobadilishwa, amonia hupanda, matamvua hushindwa kuitoa mwilini, na samaki huanza kuogelea hovyo kwa sababu sumu imefika kwenye ubongo. Kinga kubwa ya ubongo huo ni kimeng'enya kiitwacho glutamini sinthetasi. Kazi yake ni kuiunganisha amonia na glutamati ili ipatikane glutamini, ambayo seli inaweza kuihifadhi bila madhara hayo.

Ninapofundisha baiokemia huwa naanza na mmenyuko huu, kwa sababu peke yake hauendi; unasukumwa na ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, inayovunjwa kuwa ADP na fosfati, Pi:

```
glutamati + NH4+ → glutamini + H2O    ΔG°' = +14.2 kJ/mol
ATP + H2O → ADP + Pi                  ΔG°' = -30.5 kJ/mol
```

Badiliko la nishati huria likiwa chanya, mmenyuko unaelemea kurudi nyuma. Tuone unaelemea kiasi gani. Chukua nyuzi 25 za Selsiasi, ambazo ni karibu kabisa na joto la maji ya juu ya Ziwa Victoria, na samaki hana joto lake tofauti na la maji. Hapo RT, yaani kidumu cha gesi mara joto la kelvini, ni 2.48 kJ/mol. Amonia ikiwa milimola 1 kwa lita, mmenyuko utatulia pale penye glutamini takriban 3 tu kwa kila glutamati milioni moja. Kinga ya namna hiyo haimsaidii samaki.

Ukijumlisha mistari miwili unapata -16.3, na H2O inafutika kwa kuwa iko pande zote mbili. Wanafunzi wengi huishia hapo, lakini namba hizo ni za hali sanifu, yaani viwango vya mola 1 kwa lita, na ndani ya seli hakuna hali sanifu. Tuchukue seli yenye ATP mara 10 ya ADP, fosfati milimola 5, amonia milimola 1, na glutamini sawa na glutamati. Kutengeneza glutamini sasa kunagharimu +31.3, kwa sababu amonia ni kidogo. ATP nayo inatoa -49.3, kwa sababu seli inaiweka mbali sana na msawazo wake. Jumla ni -18.0.

Hapa ndipo makosa mengi ya mtihani yanapotokea. Mtu anaweka gharama halisi ya 31.3 upande mmoja, kisha -30.5 ya kitabuni upande wa pili, na kupata +0.8. Anahitimisha kwamba kazi haiwezekani, ilhali samaki yuko hai. Pande zote mbili lazima zihesabiwe kwa viwango vya seli ileile.

Sasa swali ambalo hesabu haijibu: nishati inapitaje kutoka mstari mmoja kwenda mwingine? Ukiacha ATP ivunjwe na maji pembeni ya glutamati, utapata joto tu. Petroli ikiwaka juu ya maji kando ya boti haiisogezi boti. Lazima iwakie ndani ya injini iliyoshikana na propela.

Kwenye glutamini sinthetasi, kinachoshikanisha ni kiungo cha kati. Kwanza glutamati yenyewe huchukua fosfati kutoka kwa ATP na kuwa glutamili fosfati. Kisha amonia huvamia kaboni iliyobeba fosfati hiyo, fosfati inaondoka, na glutamini inabaki. Kwa hiyo maji hayaigusi ATP kabisa. Yakiingia kabla ya amonia, yatakivunja kiungo hicho na ATP itakuwa imepotea bure.

Ushahidi wake naupenda sana. Glutamati ikiwekewa oksijeni nzito, 18O, kwenye kundi la kaboksili linalobadilishwa, oksijeni hiyo huonekana baadaye ndani ya fosfati iliyotoka. Ingekuwa ATP imevunjwa na maji, oksijeni ya fosfati ingetoka kwenye maji. Tunaposema "haidrolisisi ya ATP" tunataja jumla ya hesabu, hatutaji njia iliyopitwa.

Na oksijeni ikipungua kwenye tangi? Tuseme ATP imeshuka hadi kuwa sawa na ADP, na fosfati imepanda hadi milimola 20. ATP sasa inatoa -40.2, na jumla inabaki -8.9. Bado ni hasi. Kwa hiyo samaki anapozidiwa katika hali hiyo, usiseme mmenyuko umegeuka nyuma. Mwelekeo ni uleule. Kilichopungua ni ATP yenyewe, inayogombewa pia na pampu za ioni za neva, na kasi ya kimeng'enya inaporomoka wakati amonia inaendelea kuingia.