Je, Wajua? Kwa Nini Kiatu cha Asubuhi Hubana Jioni

"Kwa nini kiatu kinachonienea vizuri asubuhi kinanibana jioni? Na nikitaka kununua kipya, nikakijaribu saa ngapi?"

Kinachouongezea mguu unene ni maji yaliyochujika kutoka kwenye damu yakatuama chini ya ngozi, kwa sababu mguu umeshinda ukiwa chini ya moyo. Viatu hujaribiwa alasiri au jioni, tuseme kuanzia saa 10, ukiwa umesimama. Lakini maji hayo huongeza unene wa mguu, si urefu wake, na hapo ndipo wanunuzi wengi hupotea: wanapanda namba wakati walichohitaji ni upana.

Maelezo yanayosikika zaidi ni kwamba damu "hushuka" miguuni ikajaa huko. Yana chembe ya ukweli. Mtu akiinuka kitandani, damu ya nusu lita au zaidi huhamia kwenye vena za sehemu ya chini ya mwili. Ila uhamaji huo humalizika ndani ya dakika chache. Kama uvimbe ungekuwa damu, kiatu kingeanza kubana kabla hujatoka mlangoni, kisha kibaki hivyo hivyo mpaka usiku. Badala yake mguu hujaa taratibu kwa saa kadhaa.

Kuna jaribio la kuthibitisha hili ambalo halihitaji kifaa chochote. Jioni, vua soksi, lala chali na uinue mguu juu ya ukuta. Vena zilizotokeza juu ya wayo zitanywea ndani ya sekunde chache, maana damu imeshaondoka. Alama ya mpira wa soksi, yaani ule mfereji unaozunguka kifundo, itakuwa bado ipo. Damu imekwenda zake na uvimbe umebaki. Hiyo ni mali nyingine kabisa.

Dhana ya pili ni ngumu zaidi kung'oka: kwamba miguu huvimba kwa kutembea sana. Inaingia akilini kwa sababu mguu uliotembea huuma, na mguu unaouma huonekana umevimba. Lakini watafiti waliowakalisha watu vitini kwa saa 8 na kupima ujazo wa miguu yao waliona imejaa, na walipowataka wachezeshe miguu mara kwa mara, ujaaji huo ulipungua. Aliyekaa dawatini kutwa anaweza kwenda nyumbani na miguu minene kuliko aliyekuwa akizunguka. Ili kuona kwa nini, inabidi tuangalie jinsi damu inavyopanda kurudi kwenye moyo.

Chukua mpira wa kumwagilia maji uliochakaa, wenye vitundu vidogo mwili mzima. Uzibe chini, uujaze maji, kisha uusimamishe wima. Vitundu vya juu vitalowa tu. Vya chini vitachuruzika, kwa kuwa vinabeba uzito wa maji yote yaliyo juu yao. Ukiulaza mpira huo huo chini, mchuruziko karibu wote utakoma. Maji hayajaongezeka wala vitundu havijapanuka. Kilichobadilika ni urefu wa safu ya maji iliyosimama juu ya kila kitundu.

Mwili uliosimama una safu kama hiyo ndani ya vena. Kutoka moyoni hadi wayoni, kwa mtu mzima wa kimo cha wastani, ni kama sentimita 120. Safu ya damu ya urefu huo hukandamiza kwa takriban milimita 90 za zebaki. Ukilala, shinikizo kwenye vena za kifundo hushuka hadi kama 10. Vitundu vya mpira wetu ni kuta za kapilari, mishipa myembamba kuliko unywele, ambayo kwa maumbile yake hupitisha maji na chumvi lakini huzuia sehemu kubwa ya protini. Protini hizo zinazobaki ndani, hasa albumini, huvuta maji yasitoke, na nguvu ya mvuto wao ni kama milimita 25 za zebaki. Mwanafiziolojia Mwingereza Ernest Starling ndiye aliyeieleza mivutano hii miwili mwaka 1896: shinikizo linasukuma maji nje, protini zinayavuta ndani. Pale wayoni, mtu akisimama tuli, msukumo hushinda kwa mbali.

Sasa rudi kwenye mpira wako na uutie milango midogo ndani, kila mmoja ukifunguka kuelekea juu tu. Halafu mtu aukamue sehemu ya chini. Maji yatapanda, milango itafunga nyuma yake, na vitundu vya chini vitapata nafuu kwa sababu safu ndefu imekatwa vipande vifupi. Mkono unaokamua ni msuli wa shavu la mguu, na milango ni vali za vena. Baada ya hatua chache tu za kutembea, shinikizo pale kifundoni huporomoka kutoka 90 hadi karibu 30.

Ukisimama tena, ateri zinaendelea kuleta damu, vipande vinajaa kutoka chini, vali zinabaki wazi na safu inaungana upya. Kwa mtu mwenye vali nzima hiyo huchukua sekunde 20 hadi nusu dakika hivi. Kwa hiyo ukitulia nusu dakika, uzito wote umerudi kwenye vitundu. Aliyeketi ana safu fupi kidogo kuliko aliyesimama, ila msuli wake umelala kwa saa nzima, na ndiyo maana kiti kina hila kuliko kinavyoonekana.

Maji yanayotoka huwa hayapotei. Mirija ya limfu huyakusanya na kuyarudisha kwenye damu karibu na shingo. Kwa miaka mingi vitabu vilifundisha kwamba sehemu kubwa hurudi moja kwa moja kwenye kapilari, upande wa vena; utafiti wa miongo ya karibuni umeipa limfu kazi kubwa zaidi. Vyovyote vile, kinachovimbisha ni tofauti kati ya kasi ya kuvuja na kasi ya kukusanywa. Joto huongeza tofauti hiyo, kwa sababu mwili hupanua mishipa ya ngozi ili upoe na damu nyingi zaidi hufika kwenye vitundu.

Usiku mpira umelazwa, na maji hurudi kwenye mzunguko wa damu. Figo huyaona kama ziada na kuyatoa. Baadhi ya safari za chooni usiku, hasa kwa watu wa makamo na wazee, ni maji ya kifundoni ya jana yakitafuta njia. Wanaanga huonyesha jambo hilohilo kwa njia ya ajabu zaidi: wakiishi bila kuhisi uzito, nyuso zao huvimba na miguu hukonda. Naye twiga, ambaye safu yake ya damu ingeweza kutisha, ana ngozi ya miguu iliyokaza kama soksi ya kubana, hivyo maji hayapati pa kutuama. Binadamu ana ngozi legevu juu ya wayo na kuzunguka vifundo, na huko ndiko yanakokwenda. Chini ya unyayo, tishu zimefungwa kwa nyuzi ngumu na nafasi ni finyu. Mifupa, bila shaka, hairefuki.

Tuyapeleke haya dukani. Vipimo vya kiasi ambacho mguu wenye afya huongezeka kwa siku havilingani, kwani hutegemea joto, kazi na namna ya kupima, lakini asilimia chache ni makadirio ya haki. Tuchukue 3. Mguu ni ule ule kwa urefu, kwa hiyo ongezeko lote liko kwenye unene, na hesabu hutoa mzunguko ulioongezeka kwa asilimia 1.5. Ikiwa mzunguko wa mguu wako mahali papana, pale vidole vinapoanzia, ni sentimita 24 asubuhi, jioni utakuwa umeongezeka kwa milimita 3.6.

Milimita 3.6 zinasikika kidogo. Kwenye viatu vya namba za Ulaya bara, zile za 38, 39, 40, kila namba huongeza urefu wa milimita 6.7 na mzunguko wa takriban milimita 5. Mguu wako wa jioni umekula karibu robo tatu za namba kwa unene, na sifuri kwa urefu. Anayevaa 40 akisikia kiatu kinabana jioni atachukua 41. Juu patalegea, sawa, lakini mbele kumeongezeka nafasi isiyo na kazi. Kisigino kitachomoka, mguu utateleza mbele kwenye mteremko, na vidole vitagonga ncha ya kiatu alichokinunua kikubwa ili visibanwe. Anachotakiwa kuomba ni 40 yenye upana zaidi, au muundo mwingine wa 40 wenye kina juu ya wayo.

Urefu nao hubadilika, ila si kwa maji. Ukisimama, uzito hulaza upinde wa unyayo na mguu hurefuka milimita kadhaa papo hapo, iwe asubuhi au jioni. Anayejaribu kiatu akiwa ameketi amekosea zaidi ya aliyekuja saa 3 asubuhi. Simama, vaa soksi utakazovaa kweli, jaribu miguu yote miwili na ufuate ulio mkubwa, kisha acha kama sentimita moja mbele ya kidole kirefu zaidi, ambacho si lazima kiwe kidole gumba.

Saa ina uzito tofauti kwa kila aina ya kiatu. Kiatu cha kamba husamehe: asubuhi unakaza, jioni unalegeza, na milimita 3.6 hupotelea hapo. Kiatu cha kuchomeka kisicho na kamba wala kishikizo hakina pa kulegezwa, kwa hiyo hicho ndicho hasa cha kujaribiwa jioni. Hata hivyo kikikukaa sawasawa jioni, tarajia kipwaye kidogo kisiginoni asubuhi. Kiatu cha kukimbilia kijaribiwe baada ya kukimbia ikiwezekana, kwa sababu hicho kitafanya kazi mguu ukiwa umepata joto.

Yote haya ni ya uvimbe wa kawaida, unaolingana miguu yote miwili na kuisha baada ya kulala. Mguu mmoja ukivimba ghafla, hasa ukiuma shavuni, huenda kuna damu iliyoganda ndani ya vena, na hilo ni la hospitali siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo mjamzito anayevimba ghafla huku kichwa kikimuuma. Uvimbe usioisha asubuhi unaweza kutoka kwa moyo, figo, ini au dawa. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu, amlodipini ikiwemo, hufanya hivyo. Bonyeza kidole gumba juu ya mfupa wa mbele wa mguu kwa sekunde 10 ukiamka: kikiacha shimo, muone daktari kabla ya muuza viatu.